Kuku Watano wa Palma na Hesabu ya Kideri

Mwanafunzi wa ujasiriamali akiambiwa aandike mpango wa biashara ya kuku, mara nyingi huanza na kuku wa nyama: vifaranga mia moja, wiki sita, faida. Kwa Palma, Kionga au Mocímboa da Praia, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, mpango huo una tatizo moja kubwa. Vifaranga vya siku moja na chakula chake hutoka mbali, kwa barabara ambayo tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017 haijawa ya kutegemewa. Kuku wa nyama hasubiri gari. Akikosa chakula siku mbili, uzito unasimama na siku za kumlisha zinaongezeka. Kwa hiyo nachukua kuku wa kienyeji, anayejitafutia sehemu ya chakula chake uani, nione mpango wake unasimama wapi na unaanguka wapi.

Tuchukulie kuku majike watano na jogoo mmoja. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, na kila mtu aweke za sokoni kwake. Majike kwa metikali 400 kila mmoja ni 2,000, na jogoo 500. Banda la miti na makuti, lililoinuliwa juu ya nguzo ili kinyesi kipite chini na unyevu usipande, 2,500. Matenga ya kufunikia vifaranga na vyombo vya maji, 1,000. Jumla ya kuanzia ni 6,000.

Upande wa mapato, jike wa kienyeji hutaga kwa mkupuo, huatamia siku 21, kisha hulea. Mzunguko mzima huchukua kama miezi minne, kwa hiyo tuhesabu mikupuo mitatu kwa mwaka. Tuseme kila mkupuo unatoa vifaranga vinane. Majike watano wanatoa 120 kwa mwaka, na hapo ndipo wanafunzi wengi huzidisha 120 kwa bei ya kuku na kuandika jibu. Lakini kwa kuku wanaozurura, si ajabu nusu ya vifaranga kufa kabla ya wiki nane. Mwewe, paka, mvua ya ghafla na njaa hufanya kazi hiyo. Wanabaki 60. Hadi wafikie umri wa kuuzwa, miezi sita hivi, tutoe tena mmoja kwa kila watano: wanabaki 48. Wanane waliwe nyumbani au wabadilishe majike wazee. Wanaouzwa ni 40, na kwa metikali 350 ni 14,000.

Matumizi ya mwaka kamili: pumba na nafaka za kuongezea chakula cha uani 5,250, chanjo 525, dawa ya minyoo na nauli 1,025. Jumla 6,800, na inabaki 7,200. Inapendeza, ila si mwaka wa kwanza. Jike aliyenunuliwa Januari hutaga, huatamia, na watoto wake hufikia uzito wa kuuza Agosti au Septemba. Mkupuo wa pili unaingia sokoni karibu na mwisho wa mwaka au baada yake. Mwaka wa kwanza ni salama kuhesabu kuku 16 tu wa mkupuo wa kwanza, yaani metikali 5,600, huku chakula, hata kikiwa kidogo kuliko mwaka kamili, kikikaribia kula elfu nne. Mtaji unarudi katikati ya mwaka wa pili. Mpango unaoahidi faida ndani ya miezi mitatu haujamuuliza kuku.

Na sasa kideri, ambacho Watanzania wengine hukiita mdondo. Ni ugonjwa wa virusi. Kuku ambaye jana alikuwa akichakura leo anashusha mabawa, anahema kwa shida, anahara kijani, na wengine hupinda shingo. Katika kundi ambalo halijawahi kuchanjwa, karibu wote wanaweza kufa kwa siku chache, na hakuna dawa ya kutibu. Tuseme uani pana kuku 35 na 30 wanakufa. Hapo si mapato ya msimu tu yaliyopotea. Majike wapya wanunuliwe, na saa ya miezi minane inaanza upya. Ndiyo maana metikali 525 za chanjo ndizo mstari mdogo kuliko yote kwenye matumizi ya mwaka, na ndio unaobeba mingine yote.

Msumbiji ina historia yake katika jambo hili. Chanjo iitwayo I-2 ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikajaribiwa na kutengenezwa Msumbiji kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Uzuri wake ni kustahimili joto: ikiwa imekaushwa, na ikiwekwa gizani mahali pa baridi kidogo, huweza kukaa wiki kadhaa nje ya friji bila kuharibika. Dozi ni tone moja jichoni, sawa kwa kifaranga na kwa jogoo, na hurudiwa kila miezi minne. Kampeni za vijijini Msumbiji zimezoea kupangwa Machi, Julai na Novemba.

Kazi hufanywa alfajiri, kabla banda halijafunguliwa, maana kuku akishatoka hakamatiki tena. Mmoja anamshika kuku kichwa kikilala upande, mwingine anadondosha tone na kusubiri lisambae na jicho lipepese. Akiachwa haraka tone linamwagika manyoyani, na kuku huyo hajachanjwa. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili ili isimame. Kuku akifa siku chache baada ya chanjo, mara nyingi alikuwa ameshaambukizwa, lakini jirani atasema chanjo imemuua, na msimu ujao ataficha kuku wake. Mchanjaji aseme hili mapema, kabla ya tone la kwanza. Na aongeze kwamba chanjo hii haizuii ndui ya kuku wala magonjwa mengine.

Katika wilaya hizi mlango wa kideri ni mpana kwa sababu nyingine. Baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021 watu walitawanyika, na wanaporudi hununua kuku wa kuanzia popote wanapowapata. Na mwenye kundi linaloanza kuugua huwahi kuwauza wale ambao bado wamesimama, akitumaini kuokoa kitu. Kuku aliyenunuliwa sokoni atengwe wiki mbili, kwenye tenga lake, mbali na wenzake, kwa sababu virusi vinaweza kukaa ndani yake siku kadhaa kabla ya dalili. Kwenye mpango hili halina gharama yoyote zaidi ya tenga moja.

Kuna kikomo kingine. Uwanja mmoja una funza, majani na mabaki ya chakula ya kiasi fulani tu. Anayetaka kuruka kutoka majike watano hadi ishirini atakuta kuku wanakonda na pumba inanunuliwa kila wiki, na faida inageuka chakula. Ni afadhali kwanza kupunguza vifo vya vifaranga: kuwafunika kwa tenga wiki chache za mwanzo na kuwapa chakula humo ndani, ambako wakubwa hawafiki. Vikivuka 80 badala ya 60 hadi wiki ya nane, kwa hesabu ile ile wanaouzwa ni 56, yaani metikali 5,600 zaidi kabla ya kutoa chakula chao, bila jike hata mmoja wa kuongeza.

Hatari ya vita na ya vimbunga, kama Kenneth kilichopiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019, haichanjwi. Kwenye mpango inaandikwa hivi: fedha zote zisiwe kuku. Anayeuza mkupuo aweke thamani ya majike watano pembeni, kwa kitu kinachobebeka, kabla ya kununua chochote kipya.

Mstari wa mwisho unaosahauliwa ni wa chupa. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja, na ikishachanganywa hutumika siku hiyo hiyo. Mwenye kuku 35 hawezi kuinunua peke yake kwa metikali tano kwa tone, isipokuwa majirani wamekubaliana siku, wamehesabu kuku wao wote, na wamemlipa mchanjaji wao wenyewe. Kwa hiyo mpango wa mtu mmoja unahitaji orodha ya nyua za jirani, idadi ya kuku wa kila ua, na tarehe tatu za mwaka.