Kifuniko cha Jiko la Gesi Hakitafutwi kwa Sura

Picha ya jiko zima, iliyopigwa ukiwa umesimama mlangoni mwa jikoni, haimsaidii sana muuza spea. Majiko ya chapa tofauti hufanana kama mapacha, na sababu ipo: kampuni nyingi za majiko hazitengenezi bana zenyewe. Hununua kwa watengenezaji wachache, mmojawapo akiwa Sabaf wa Italia. Hivyo majiko mawili yenye majina tofauti yanaweza kutumia kifuniko kimoja, na majiko mawili ya jina moja yakakataana.

Tuchukue mfano wa jiko la bana nne lililojengewa kwenye kaunta. Familia imehama, na kifuniko cha bana moja ya kati kimepotea njiani. Wanachopaswa kutafuta kwanza ni stika au kibati cha namba za jiko, ambacho kwa majiko ya aina hii huwa upande wa chini. Huhitaji kung'oa jiko. Fungua kabati lililo chini yake, toa vyombo, ingiza simu ukiwa umewasha taa yake, elekeza kamera juu, piga. Nakili namba ya modeli yote, pamoja na herufi na tarakimu za mwishoni ambazo wengi huziacha. Kwenye Bosch na Siemens, namba inayohitajika imeandikwa E-Nr. Kwenye Electrolux na Zanussi imeandikwa PNC.

Kama stika imeungua au imefutika kwa mafuta, picha ya juu inaanza kuwa na kazi. Inua simu juu ya katikati ya jiko, iwe mbali kidogo, kwa sababu ukiisogeza karibu sana vitu vya pembeni hupinda. Sasa pima kwenye picha. Tuseme jiko lenyewe lina upana wa sentimita 60, na kwenye picha lina sentimita 12. Kila sentimita ya picha ni sentimita 5 za kweli. Kifuniko cha bana ya kati iliyobaki kinaonekana kuwa sentimita 1.5, kwa hiyo kina takribani sentimita 7.5. Katika muundo mmoja ulioenea sana, kifuniko kidogo hukaribia sentimita 5.5, cha kati 7.5, na kikubwa 10. Hesabu hii inatosha kutambua ukubwa wa bana. Haitoshi kununulia, maana kifuniko kimeinuka juu ya bati la jiko na kamera hukikuza kidogo, na tofauti ya milimita mbili haionekani.

Kwa bahati nzuri, jiko la bana nne kwa kawaida huwa na bana mbili za kati zinazolingana. Kifuniko kilichobaki ndicho kielelezo. Kigeuze, weka rula pembeni yake, upige picha upande wa chini: ukingo wa ndani au vijino vinavyokishikiza kwenye kichwa cha bana ndivyo vinavyoamua, kuliko rangi na mng'ao wa juu. Ukiweza, kibebe chenyewe dukani.

Swichi ya kuzungushia ina mtego wake. Funga mtungi, ivute swichi moja kwa moja, kisha piga picha tundu lake kwa nyuma na kijiti cha chuma kilichobaki kwenye jiko. Kijiti hicho kwa kawaida kina upande mmoja uliochongwa bapa. Pima unene wake, mara nyingi milimita 6 au 8, na uangalie bapa linatazama wapi gesi ikiwa imefungwa. Swichi mbili zinaweza kuingia vizuri kwenye kijiti kimoja, lakini moja ikawa na alama iliyogeuka, ikaonyesha sifuri wakati gesi inatoka. Hiyo usiichukue hata ikiwa ya bure.

Kabla ya kununua, hamishia hapo swichi ya bana ya jirani. Ikizunguka sawasawa, iliyokufa ni swichi. Kijiti kikiendelea kuwa kigumu, tatizo liko kwenye vali, na hiyo ni kazi ya fundi. Angalia na urefu: kwenye majiko yanayojizima moto ukizimika, swichi inayogota kwenye bati kabla ya kubonyea mpaka mwisho itawasha moto, kisha moto utazimika ukiiachia tu.

Spea ikifika, kifuniko kikae bapa bila kucheza. Washa. Moto uwe wa bluu na ulingane pande zote. Ukiwa wa njano, ukipanda upande mmoja au sufuria ikishika masizi, zima, safisha matundu ya bana na ukipange kifuniko upya. Hali ikibaki ileile, kirudishe dukani na usikipikie.