Picha ya paani kabla ya kununua LNB

Fundi akitumiwa picha ya ungo wa paani, kwanza hutazama mkono. Mkono mmoja ukitokea chini ya ungo mgumu wenye umbo la yai, hiyo kwa kawaida ni Ku. Ungo mkubwa wa duara, hasa wa wavu, wenye vyuma vitatu au vinne vinavyokutana katikati, mara nyingi ni wa C. LNB zake hazibadilishani.

Ukubwa je? Hesabu migongo ya bati. Ikiwa imeachana milimita 76, ungo uliofunika migongo 12 ni kama sentimita 90. Ila picha iliyopigwa kutoka chini hudanganya.

Kisichoonekana kwa mbali ni kola inayoshika shingo ya LNB. Nyingi ni milimita 40, lakini zipo zenye umbo lake pekee, kwa hiyo omba picha ya karibu, pamoja na kibandiko: 9.75/10.6 GHz ni Ku ya kawaida, 5.15 ni C.

Mwisho, piga picha kibandiko cha king'amuzi. Baadhi hutaka LNB maalumu, na ya kawaida itakaa vizuri mkononi bila kuleta chaneli zote. Usilipe kabla ya kujua modeli.