Sayari Zinapopokeana

Katika unajimu, kila moja ya buruji 12 ina sayari inayoimiliki. Zuhura ndiyo mwenye Ng'ombe na Mizani, na Mirihi ndiyo mwenye Punda na Ng'e. Sayari ikiwa katika buruji yake huhesabiwa kuwa iko kwake, na kazi yake huifanya kwa wepesi. Ikiwa katika buruji iliyo mkabala na yake, huhesabiwa kuwa iko ugenini. Zuhura, sayari ya mapenzi na maelewano, ikiingia Punda, buruji ya papara na ubishi, hukosa utulivu wake. Mirihi, sayari ya vita, ikiingia Mizani hujikuta inapima huku na huku wakati ingependa kuchukua hatua.

Kupokeana hutokea sayari mbili zinapokaa kwa wakati mmoja, kila moja katika buruji ya mwenzake. Wanajimu walioandika kwa Kiarabu waliita kupokewa huku kabuli, neno lenye asili moja na "kukubali" la Kiswahili. Mashaallah, mmoja wa wanajimu walioshiriki kuchagua saa ya kuanza kuijenga Baghdad mwaka 762, alikiandikia jambo hilo kitabu kizima. Hoja yake ni ya ukarimu: mwenye nyumba hamwachi mgeni wake ataabike. Sayari mbili zikiwa wageni na wenyeji wa kila mmoja, kila moja ina sababu ya kuisaidia nyingine, hata kama zote mbili haziko vizuri.

Msaada huo una kiasi. Mwingereza William Lilly, katika kitabu chake cha mwaka 1647, aliupimia kwa alama. Sayari iliyo kwake hupata alama 5, na iliyo mkabala na kwake hupoteza 5. Sayari zinazopokeana kwa buruji hupata alama 5 zilezile, kana kwamba kila moja iko kwake. Kwa hiyo Zuhura iliyo Punda, ikipokeana na Mirihi iliyo Mizani, hupoteza 5 kwa ugeni na kurudishiwa 5 kwa kupokewa. Jumla ni sifuri. Udhaifu umefidiwa, lakini sayari haijageuka kuwa yenye nguvu. Maana yake kwa msomaji wa chati ni kwamba penzi lililoanza kwa pupa huweza kutulia kwa sababu upande wa pili uko tayari kusikiliza. Pupa yenyewe haiondoki.

Hali hii ilionekana angani Mei 2014. Mirihi ilikuwa Mizani tangu Desemba 2013, na Zuhura ikaingia Punda mwanzoni mwa Mei. Kabla mwezi haujafika katikati, sayari hizo zilikuwa zinakabiliana kabisa: alfajiri, Zuhura ilipokuwa inachomoza mashariki, Mirihi ilikuwa inazama magharibi. Kwa mnajimu, kukabiliana ni mvutano, lakini pia ni kuonana uso kwa uso. Mapokeo ya zamani ya Kiarabu yalitaka sayari ziwe na mtazamo wa namna hiyo ndipo kupokewa kufanye kazi, kwa kuwa mwenyeji asiyemwona mgeni wake hawezi kumhudumia. Lilly hakuwa mkali hivyo. Kwake, kupokeana kungeweza kufanikisha jambo hata pale sayari husika zisipotazamana.

Mfano huohuo unaonyesha mpaka wa fidia. Hadi karibu tarehe 20 Mei, Mirihi ilionekana ikirudi nyuma, na katika hesabu ya Lilly kurudi nyuma hupunguza alama 5 nyingine. Zuhura ilisimama kwenye sifuri, lakini Mirihi ilikuwa bado kwenye hasi 5. Kupokewa kulifuta tatizo la buruji peke yake, si la mwendo.

Makosa mawili hujirudia katika kusoma chati. La kwanza ni kudhani kuna kupokeana wakati kupokewa ni kwa upande mmoja. Zuhura ikiwa Punda na Mirihi ikiwa Simba, Mirihi ni mwenyeji wa Zuhura, lakini yenyewe ni mgeni wa Jua, na mzunguko haufungi. La pili ni kuzirudisha sayari kwenye buruji zao na kusoma chati kana kwamba hazijawahi kutoka. Zuhura inabaki Punda, na tabia ya Punda inabaki nayo.

Kupokeana kuna muda wake pia, na sayari yenye mwendo wa kasi ndiyo huukata. Mwishoni mwa Mei 2014 Zuhura ilitoka Punda ikaingia Ng'ombe, buruji yake yenyewe, ambako haikuhitaji tena mwenyeji. Mirihi ilikaa Mizani hadi Julai, ugenini bila wa kubadilishana naye.