Mashua Iliyoachwa Pwani

Wasomaji wa Kibaha na Kisarawe, huenda hamjui ya kuwa safari moja kubwa ya karne ya 19 ilianza kuharibika hapa kwetu Uzaramo.

Mwezi wa Juni 1857 Waingereza wawili, Bwana Burton na Bwana Speke, waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakafuata bonde la mto Kingani, ndio Ruvu yetu. Shauri lao lilikuwa zuri. Wangebeba mashua ya chuma iliyokatwa vipande, waiunge penye ziwa kubwa la bara, wakatafute mto utokao humo kwenda kuwa Naili. Lakini wapagazi waliopatikana walikuwa wachache mno. Basi ilibidi mashua ibaki pwani.

Hasara yake ilionekana Ujiji mwaka 1858. Speke alivuka ziwa Tanganyika kwenda kuazima jahazi la Mwarabu, akarudi mikono mitupu. Wakakodi mitumbwi, wakafika Uvira, na wapiga makasia wakakataa kuendelea. Wenyeji wakawaambia kwamba mto Rusizi hautoki ziwani, bali unaingia. Basi tumaini la Naili likavunjika.

Wakarudi Kazeh, yaani Tabora. Burton alikuwa mgonjwa, hawezi safari. Waarabu wa pale walikwisha waambia habari za ziwa jingine upande wa kaskazini, kubwa kuliko Tanganyika. Speke, ambaye macho yake yalikuwa bado mabovu, akaenda na kikosi kidogo pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa Bara Hindi. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa kilimani karibu na Mwanza, aliliona lile ziwa kubwa, akaliita Victoria. Wasukuma walilijua tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa wazo la Speke kwamba hapo ndipo Naili inapoanzia.

Alipimaje? Alichemsha maji. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini kila ukipanda mita 300 hivi, huchemka mapema kwa digrii moja hivi. Kwa kipimajoto chake alikadiria kwamba ziwa liko juu ya bahari kwa futi 3,700 na kitu, na hakukosa sana. Urefu huo ulitosha kwa maji kuteremka mpaka Misri.

Lakini kipimo cha urefu hakionyeshi mto unatokea wapi. Speke alikaa ziwani siku chache tu, hakulizunguka, wala hakuona maji yakitoka. Kwa hiyo Burton alikataa kumsadiki, na urafiki wao ukaisha. Ikambidi Speke arudi tena na Bwana Grant, na Bombay akiwamo. Tarehe 28 Julai 1862 alisimama karibu na Jinja, Uganda, akayaona maji yakitoka ziwani kwa maporomoko.

Kama mashua ile ingefika Ujiji, labda mwaka wote ungalipita Tanganyika, na njia ya Mwanza isingefuatwa.