Barua ya Mama Nyuma ya Mlango

Mama lishe anayewauzia makuli chai na chapati sokoni huondoka nyumbani saa 11 alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala. Shule zikiwa zimefunguliwa, kengele ya shule ndiyo inayoendesha asubuhi yao. Likizo ya Desemba ikiingia, kengele hunyamaza kwa karibu mwezi mzima, na kazi yake inachukuliwa na karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango.

Tuichukue nyumba ya aina hiyo pale Mbagala, Dar es Salaam. Kuna binti aliyetoka kufanya mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, mdogo wake wa kiume anayeingia darasa la sita, na kitindamimba wao aliyemaliza la pili. Barua ya mama inaweza kuanza hivi:

"Wanangu, uji upo kwenye chupa. Saa 1 asubuhi wote muwe mmeamka. Mpaka saa 2 dada awe amedeki sebule, kaka awe amefagia uwanja na kujaza ndoo mbili, mdogo wenu awe ametandika vitanda. Saa 2 na nusu mpaka saa 4 ni madaftari. Mchezo ni saa 10 jioni, na mwisho wa kwenda ni genge la mama jirani."

Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Uwanja hufagiwa mapema kwa sababu Desemba Dar huwaka jua. Masomo nayo yamewekwa asubuhi kwa sababu hiyo hiyo: chini ya bati lisilo na dari, saa 8 mchana hakuna anayeelewa sehemu wala desimali. Saa moja na nusu inawatosha wale wakubwa wawili. Kitindamimba anahitaji dakika ishirini tu za kumsomea dada yake ukurasa kwa sauti, kisha hesabu chache za kutoa na kujumlisha.

Barua nyingi huharibika kwenye neno kama "safisheni jikoni". Kwa mama, jikoni safi ni masufuria yaliyosuguliwa masizi, jivu lililozolewa na kitambaa kilichoanikwa. Kwa mtoto wa miaka kumi, ni vyombo kuondoka machoni. Afadhali aandikiwe mwisho wa kazi: vyombo vimefunikwa kwenye kichanja, beseni limemwagwa maji.

Kisha kuna hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi mpaka ratiba iwe mbele yao. Mama akijumlisha saa za kila mtoto, huenda akakuta binti ana saa nzima ya kudeki, saa tatu za maharage na wali, nusu saa ya vyombo na nusu nyingine ya kumwogesha na kumfulia mdogo. Jumla ni saa tano. Kaka yeye kamaliza saa 2 asubuhi na yuko chandimu! Dawa yake si ngumu. Maharage yaliyolowekwa usiku dada huyainjika saa 4, maana moto ni wake peke yake, lakini kuchagua mchele, kuosha vyombo vya mchana na kumwogesha mdogo kunahamia kwa kaka.

Mchezo haupaswi kuandikwa kama zawadi ya aliyemaliza kazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko kati ya haki ambazo mzazi ana wajibu wa kuzitimiza, na Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili. Rede na kombolela zinazitimiza dakika hizo bila mtu kuzihesabu. Saa 12 jioni wote wawe ndani, kwani Desemba jua huzama kama nusu saa baadaye.

Kitu kidogo kinachovuruga ni simu ya nyumbani. Barua inasema saa 2, simu inaonyesha 8:00, na mtoto wa la pili hana wa kumweleza. Kwa huyo, mama aandike "ukimaliza uji" au "adhana ya Adhuhuri ikilia".

Akirudi jioni, mama hahitaji kuuliza kama ratiba imefuatwa. Vyombo vilivyooshwa mchana huwa vimekauka. Vikiwa vinachuruzika maji na uwanja una mistari mipya ya fagio, kila kitu kimefanywa robo saa kabla hajafika. Hilo likijirudia siku tatu, aidha kazi ni nyingi au saa zimebanana. Mama atakaa na watoto Jumapili, barua mkononi, awaulize ni mstari upi hauwezekani. Mara nyingi watamwonyesha uleule: ndoo mbili kabla ya saa 2, wakati foleni ya bombani peke yake inakula saa nzima. Basi maji yatahamishiwa jioni, na kalamu itapita juu ya mstari huo.