Tanzania: Ada ya twisheni ya nyumbani hupangwaje

Nchini Tanzania, mwalimu anayefundisha twisheni nyumbani hupata wanafunzi wa kwanza kupitia wazazi wa mtaani, hasa matokeo ya mitihani ya muhula yanapotoka. Wanafunzi wa darasa lake mwenyewe ni heri awaache, wazazi wasije wakadhani kwamba analificha somo shuleni ili aliuze nyumbani.

Ada ya haki huhesabiwa kwa saa zote za kazi. Kwa mfano, kipindi cha hisabati cha saa moja na nusu, pamoja na nusu saa ya kuandaa na kusahihisha, ni saa 2. Akiithamini saa moja kwa shilingi 10,000, kipindi ni shilingi 20,000. Wanafunzi 4 watalipa 5,000 kila mmoja. Mmoja akiacha, robo ya pato hupotea. Ndiyo maana ada hulipwa mwanzoni mwa mwezi.