Abiria Akikataa Kusema Alipo

Kwenye iPhone, programu ina nafasi moja tu ya kukuuliza kama iruhusiwe kutumia kamera. Ukikataa, kisanduku kile cha maswali hakitokei tena, na ukibadili mawazo itabidi uende mwenyewe kwenye mipangilio ya simu. Android ina huruma kidogo: tangu toleo la 11, la mwaka 2020, ukikataa ruhusa ileile mara mbili, simu huchukulia kwamba hutaki kuulizwa tena. Maana yake ni kwamba mtengenezaji anayeuliza ovyo anaweza kumaliza nafasi zake zote kabla mtumiaji hajajua hata programu yenyewe ni ya kazi gani.

Haikuwa hivi zamani. Kabla ya Android 6.0, iliyotoka mwaka 2015, ruhusa zote zilitolewa kwa mkupuo mmoja wakati wa kupakua. Ulikubali orodha nzima au uliacha programu. Leo mwenye simu anaweza kukubali hiki na kukataa kile, lakini watengenezaji wengi bado wana mazoea ya zamani: programu inafunguka kwa mara ya kwanza, na papo hapo vinatokea visanduku vitatu vinne mfululizo. Mtu hajaona chochote, anaulizwa kamera, anaulizwa mahali, anaulizwa arifa. Anakataa vyote ili afike ndani.

Tuchukue programu ya kuita bodaboda, na abiria aliyesimama Sinza Kijiweni anayetaka kwenda Kariakoo. Ruhusa ya mahali ina faida wapi hasa? Si anapofungua programu, maana hapo huenda anataka tu kujua nauli. Faida inakuja anapofika kwenye kisehemu cha kujaza "Unachukuliwa wapi?" Hapo wekeni mambo mawili: sehemu ya kuandika, na chini yake kitufe kilichoandikwa "Tumia mahali nilipo." Kisanduku cha simu kitokee baada tu ya kitufe hicho kuguswa. Sababu haihitaji tena kuelezwa kwa aya nzima, kwa kuwa abiria ndiye aliyeomba huduma hiyo sekunde moja iliyopita. Mimi skrini zile ndefu za "Tunajali faragha yako", zinazotangulia ombi, naona hazina kazi hapa. Kitufe chenye jina zuri kinatosha.

Sasa tuseme amekataa. Programu nyingi ndipo zinapofia. Ramani inabaki ya kijivu, kitufe cha kuita kimezimwa, na kuna maandishi mekundu: "Ruhusa inahitajika." Kila akigusa, programu inaomba tena ruhusa, simu inalikataa ombi kimyakimya, na mbele ya macho yake hakitokei kitu. Abiria anadhani programu ni mbovu. Kwa kweli ni mbovu.

Hebu tujiulize mtu huyu angefanyaje bila programu. Angempigia simu dereva na kumwambia: nipo Sinza Kijiweni, upande wa kituo cha daladala, mbele ya duka la dawa. Mitaa yetu mingi haitambuliwi kwa namba za nyumba bali kwa vituo, misikiti, shule na baa, na dereva anavijua vyote. Kwa hiyo skrini ya aliyekataa iwe na kazi ileile: aandike "Kijiweni", apewe majina ya karibu achague, kisha aburute alama kwenye ramani mpaka mahali aliposimama. Chini yake pawe na mstari wa kumwandikia dereva maelezo. Boda inaitwa, safari inaanza, na satelaiti haijahusika. Lile ombi la ruhusa libaki pembeni kama kitufe kidogo kwa atakayechoka kuandika.

Kuna pia jibu la katikati ambalo hupita bila kuonwa. Tangu Android 12, mtu anaweza kukubali programu ijue eneo lake kwa kukadiria tu, na simu hutoa eneo la takriban kilomita 3 za mraba. iPhone nayo imekuwa na uchaguzi wa aina hiyo tangu iOS 14. Programu isiyolijua jambo hili hupokea makadirio yale, huyachukua kama ndiyo mahali penyewe, na kumtuma dereva mtaa mwingine kabisa. Eneo la kukadiria lina faida kubwa kama litatumika kwa kiasi chake: lifungue ramani upande wa Sinza, halafu abiria amalizie mwenyewe kwa kuburuta alama.

Upande wa dereva ndiko kamera inakoingia. Anapojisajili anatakiwa kutuma picha ya leseni, na hapa kuna jambo ambalo lingepunguza maombi mengi: ruhusa ya kamera mara nyingi haihitajiki. Programu ya Android inaweza kuifungua kamera ya simu yenyewe, dereva akapiga picha, na picha ile ikarudishwa kwenye fomu. Inaweza pia kufungua kichaguzi cha picha cha simu, na dereva akachagua moja tu bila programu kuona nyingine. Mtego uko mmoja. Kama faili la maelezo la programu limetaja kwamba inataka ruhusa ya kamera, na dereva ameikataa, hata njia hii ya kuazima kamera ya simu inagoma. Watengenezaji hutaja ruhusa hiyo kwa tahadhari, "huenda tukaihitaji baadaye," kisha wanajifungia mlango waliokuwa nao bure.

Kama kweli mtu amekataa moja kwa moja na anataka kugeuza uamuzi, skrini imwelekeze kwa maneno ya simu anayotumia: gusa hapa kufungua mipangilio, chagua ruhusa, chagua mahali. Kitufe kinaweza kumfikisha kwenye ukurasa wa programu, lakini hatua zinazobaki ni zake, basi atajiwe. Akirudi, programu ikague upya papo hapo, isimngoje aizime na kuiwasha. Tena yale aliyojaza yawe yamehifadhiwa, kwa sababu iPhone huizima programu pale ruhusa ya kamera inapobadilishwa kwenye mipangilio. Dereva aliyejaza jina, namba ya pikipiki na namba ya leseni, akarudi na kukuta fomu tupu, hatajaza mara ya pili.

Jambo jingine dogo: ruhusa kukataliwa na GPS kuzimwa ni vitu viwili. Abiria aliyeruhusu kila kitu lakini amezima GPS ili atunze chaji, akiambiwa "ruhusu mahali", ataenda kwenye mipangilio, atakuta ameruhusu tayari, na atabaki anashangaa. Kila hali iwe na maneno yake.

Kwa anayetengeneza, kipimo ni hiki: chukua simu isiyowahi kuwa na programu yako, kataa kila ombi mara mbili, kisha jaribu kuita boda mpaka ifike. Na wewe msomaji mwenye simu, ukikutana na programu inayokunyima huduma kwa sababu tu umeficha mahali ulipo wakati jina la kituo lingetosha, itoe na utafute nyingine.